Alama Kumi na Nane

Duka letu liko Gulfton, Houston, katikati ya majengo ya kupanga yaliyobanana mpaka mtu akikaanga samaki mtaa mzima unajua. Tunauza unga, mchele, maharage, samaki wa barafu, nazi za kopo na nyama ya halali. Kwa miaka mingi niliwakopesha wateja kwa kuwatazama uso. Ukinisalimia vizuri, ukiwa na watoto, ukiwa umetoka kwetu Unguja, basi, chukua, utaleta. Mume wangu alikuwa hatari zaidi yangu, yeye hata salamu hakuhitaji.

Aliyetubadilisha ni mwenye duka la jumla wa Dallas anayetuletea mzigo. Zamani alitupa mwezi mzima wa kumlipa. Siku moja akatupigia, akasema kwa upole kabisa kwamba na yeye anabanwa, kwa hiyo sasa ni wiki mbili, na asiyelipa hapati mzigo unaofuata. Niliweka simu chini nikakaa juu ya gunia la mchele. Nusu ya pesa zake zilikuwa mikononi mwa wateja wangu, na wengine kati yao walishahamia miji mingine bila hata kuniaga.

Binti yetu anasoma mambo ya biashara chuoni. Ndiye aliyetutengenezea utaratibu kwenye kompyuta. Kila mteja anayetaka kukopa anapewa alama kwa mambo manne, kila jambo tano: amenunua kwetu muda gani, amelipaje huko nyuma, kipato chake kinaingia kwa mpangilio gani, na nani anaweza kumdhamini. Asiyefika kumi ananunua taslimu. Wa kati mpaka wake ni dola mia moja, kuanzia kumi na tano ni mia tatu, na kuanzia kumi na nane ni mia nne. Riba hakuna, hilo halikujadiliwa. Tukaweka pia kikomo cha deni lote la duka, kwamba likifika hapo hakopi mtu, hata awe dada yangu. Siku chache kabla ya tarehe ya kulipa unatuma ujumbe wa kukumbusha. Tarehe ikipita unapiga simu. Asipoleta wala asipokuja kupanga malipo ya kidogo kidogo, unamfungia.

"Kuna jambo la tano," binti alisema. "Other debts. Anadaiwa wapi kwingine."

Mimi na baba yake tulimkatalia kwa sauti moja. Utamuuliza vipi mtu mzima, mbele ya foleni, anadaiwa na nani? Huko ni kumchungulia mtu chumbani kwake. Binti akainua mabega, akakifuta kisanduku.

Utaratibu ulifanya kazi, siwezi kusema uongo. Wauguzi waliokuwa wakija mwisho wa wiki kutoka Katy, nje kidogo ya Houston, na kujaza magari walianza kulipa kwa tarehe. Mzigo wa Dallas ukawa unafika bila maneno. Nikaanza kujiona mjanja, nikawa natembea dukani kama meneja wa benki.

Aliyekuwa na alama nyingi kuliko wote ni bwana mmoja wa Pemba, mtu mzima kidogo kuliko mimi, aliyekuwa akiendesha gari lake kubeba abiria wa uwanja wa ndege. Alama kumi na saba. Mtaratibu, mcheshi, anayenitania kwamba Waunguja hatujui kupika pweza. Mke na watoto wake walikuwa bado nyumbani, na yeye alikuwa akiwahangaikia karatasi za kuja. Gari lake lilipoharibika gia akakaa wiki kadhaa bila kazi, akala kwa mkopo wetu mpaka akagusa mia tatu zake. Hakuomba kuongezewa. Gari likapona, akarudi barabarani.

Tarehe yake ilipokaribia nikamtumia ujumbe. Kimya. Tarehe ikapita. Mume wangu akasema tumwache huyu, tunamjua. Nikamwambia tukianza na huyu tunayemjua, kesho tutawajua wote. Nikapiga simu.

"Kaka, samahani, nilikuwa nakukumbusha tu lile jambo letu."

"Wala usiombe samahani, dada. Haki yako. Kesho inshallah."

Na kesho yake alikuja. Akaniwekea mia tatu juu ya kaunta, zote, kisha akanishukuru mimi. Nilifurahi, nikamtania habari ya pweza, akacheka kidogo. Binti alimwongezea alama moja kwa kulipa siku ya pili tu baada ya tarehe, ikawa kumi na nane, na kompyuta ikampandishia mpaka hadi mia nne.

Baada ya hapo hakuonekana. Nilidhani amepata abiria wengi. Kisha mume wangu akarudi siku moja, akaniambia amemwona kituo cha basi, jua la adhuhuri, ana mfuko wa nguo za kufulia mkononi. Alimpa lifti. Njiani ndipo alipomweleza. Gari alilinunua kwa mkopo, na gia ilipomweka chini alichelewa malipo. Kampuni ya mkopo ilishampa siku ya mwisho. Zile mia tatu alizotuletea zilikuwa za huko. Wakaja asubuhi wakalivuta gari kutoka kwenye maegesho ya nyumba yake, na kazi yake ikaondoka nalo.

"Nikamuuliza kwa nini hakutuambia," mume wangu alisema. "Akaniambia kampuni haimjui. Sisi anasimama na sisi safu moja msikitini."

Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niimwagie nani. Yeye, kwa ukaidi wake wa heshima? Ile kampuni, iliyofanya kilichoandikwa kwenye mkataba? Yule wa Dallas? Nilirudia kila hatua kichwani nikitafuta mahali ambapo ningegeuka, na kila mahali nilimkuta mtu mwenye haki yake. Hata lile swali la tano tungemuuliza, angejibu hadaiwi kitu, kwa sababu aibu ni ile ile.

Alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, kwa miguu. Viatu vimejaa vumbi, shati limepigwa pasi. Alichukua mfuko mdogo kabisa wa unga, ule ambao siku zote alikuwa akiucheka kuwa ni wa kuchezea watoto.

"Kaka, chukua unachotaka," nikamwambia. "Mpaka wako umepanda. Si msaada, ni haki yako, kompyuta yenyewe imesema."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepungukiwa.

"Nitakulipa na nini, dada?"

"Utalipa ukipata."

"Tarehe itafika, na wewe utapiga simu. Usipopiga, nitakaa nikiisubiri."

Nilimtilia makopo mawili ya nazi na samaki ndani ya mfuko, haraka haraka, kama mwizi. Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya kaunta taratibu asinivunjie heshima, akalipa unga wake taslimu. Mlangoni akageuka kuniombea baraka ya biashara, akaenda zake kusubiri basi.

Mwisho wa mwezi binti alitutolea orodha ya wanaokopa. Jina la juu kabisa ni lake, alama kumi na nane, mpaka dola mia nne, deni hakuna. Mume wangu aliuliza kama tunaweza kumwondoa hapo. Binti akasema hakuna sababu ya kumwondoa, ndiye mteja wetu mzuri kuliko wote.