Kichupa cha Sindano Moja

Mama Miwani hakuwa mtu wa kusalimiana sana kabla hajafuta mashine yake. Alifika kazini saa mbili kasoro usiku, akavaa koti jeupe, akafuta meza, akafuta kioo cha mashine, na mwisho miwani yenyewe iliyompa jina, inayoning'inia shingoni kwa uzi wa kushonea. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya zamu za usiku katika maabara ya hospitali ile, na magoti yaliyomkumbusha kila mmoja wa miaka hiyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa tayari inamngoja mezani: kichupa chenye kifuniko chekundu, kimeandikwa HARAKA, cha bibi mmoja aliyelazwa wodini kwa kuhara siku tatu. Pembeni yake kulikuwa na kichupa cha zambarau cha bibi huyohuyo, cha kuhesabia chembe za damu. Damu ilitolewa na muuguzi aitwaye Sindano Moja. Jina alijipachika mwenyewe, maana hajawahi kumchoma mgonjwa mara mbili, na ole wako kama hujaisikia habari hiyo.

Mama Miwani alizungusha kichupa chekundu hadi damu iliyoganda ikatulia chini na maji yake yakabaki juu. Akayainua kwenye taa. Yalikuwa ya manjano, safi. Yangekuwa mekundu, angejua chembe zimepasuka na kumwaga potasiamu yake nje. Akayaingiza kwenye mashine.

Potasiamu hutoka mapema. Ikatoka: saba nukta moja. Moyo wa mtu mwenye kiasi hicho unaweza kusimama wakati wowote. Mtu wa kuhara kwa kawaida hupungukiwa potasiamu, lakini akajiambia huenda figo zimegoma. Sheria ni kupiga simu papo hapo, naye akapiga.

"Asante, mama," daktari wa zamu alisema. "Naandaa insulini sasa hivi."

Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya chembe. Mama Miwani alirudi kukaa, ameridhika. Baada ya dakika kumi kipimo kinachochelewa kikatoka, cha kalsiamu: sifuri nukta tatu.

Akavaa miwani vizuri, akasoma tena. Kwa kalsiamu ndogo kiasi hicho bibi angekuwa ameshakakamaa kwa degedege, wala si kulala akiomba maji. Macho yake yakahamia kwenye kichupa cha zambarau. Damu yake ilikuwa pungufu, haikufika kwenye mstari wa kujazia.

Ndani ya kichupa cha zambarau huwekwa dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ina potasiamu tele, na kazi yake huifanya kwa kuikamata kalsiamu. Mtu alikuwa amemimina damu ya zambarau kwenye chekundu. Potasiamu aliyoipigia simu kwa mdomo wake mwenyewe ilikuwa ya kichupa, haikuwa ya bibi.

Akapiga simu wodini. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Ngazi za ghorofa mbili alizipanda akiwa ameshika koti kama gauni, magoti yakilalamika. Wodini daktari alikuwa ameinama juu ya kitanda cha bibi, sindano mkononi.

"Daktari, usimchome! Majibu yangu si ya kweli. Tunahitaji damu mpya."

Daktari akasimama, akamtazama, kisha akairudisha sindano kwenye sinia. Sindano Moja alikuwa ameshika chupa ya maji ya sukari yanayotundikwa pamoja na insulini. Hakuulizwa.

"Ni mimi," alisema polepole. "Mshipa ulikauka, kichupa chekundu kikabaki nusu. Nikakijazia kwa kile kingine. Sikutaka kumchoma tena, mikono yake imejaa michubuko."

Mama Miwani alikuwa amepanda na maneno makali mdomoni. Aliitazama ile mikono ya bibi, akayameza.

"Haya, kaka. Mchome."

Sindano Moja akavuta kiti, akaupasha moto mkono wa bibi kati ya viganja vyake.

"Wewe si ulisema mara moja tu?" bibi akauliza.

"Nilisema, bibi. Nimekosea. Nisamehe."

"Basi choma, mjukuu wangu. Unatetemeka wewe kuliko mimi."

Safari hii kichupa chekundu kilijazwa kwanza, hadi kwenye mstari. Mama Miwani alikishusha maabara mwenyewe, na hakukaa hadi namba ilipotoka: mbili nukta tisa. Bibi alikuwa na upungufu. Insulini ile ingempunguzia hata hicho kidogo, na hapo ndipo moyo wake ungesimama kweli.

Akapiga simu. Aliyepokea ni Sindano Moja.

"Mbili nukta tisa," Mama Miwani alisema. "Aongezewe potasiamu, asipunguziwe. Mwambie daktari."

Upande wa pili akasikia mwanamume mzima akilia, taratibu, kwa kujizuia. Mama Miwani hakukata simu. Alikaa nayo sikioni mpaka yule kaka alipomaliza.