Foleni ya Siku ya Soko

Sitaficha: wifi yangu, mke wa kaka yangu, nimemwonea wivu tangu aletewe tangi la maji la lita elfu kumi. Mimi, hapahapa sokoni Tulia, nanunua maji kwa mtungi, punda wa watu akinichagulia siku ya kuja, na yeye anafungua tu bomba akiwa amevaa leso, anaimba wimbo wa kanisani. Kuimba kwenyewe hajui.

Yeye ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, mimi nina kibanda cha pesa za simu, ukuta kwa ukuta. Kitu kimoja tu kilinipoza moyo. Siku ya soko foleni yangu ilifika hadi mlangoni kwake, wauza mbuzi wakiweka na kutoa noti nene, naye akinyoosha shingo kutazama. Usiku nililala vizuri kwa sababu ya ile shingo.

Halafu watu wa ushuru wakaniandikia. Hapa kwetu mambo ya ushuru yote hupitia saiba, kwa hivyo ni wifi aliyefungua barua pepe yangu, akaja dirishani na simu mkononi.

"Wifi, wanasema mauzo yako ni kila shilingi iliyopita kwa laini yako mwaka mzima. Wanataka kodi ya hiyo yote, ama ueleze."

Nikasoma kiasi walichokuwa wanadai. Kilikuwa kikubwa kuliko mtaji wangu wote. Kukilipa ni kufunga kibanda, na nina mtoto sekondari.

"Si ueleze," akasema. "Nitakupigia taipu." Macho yalikuwa yanamng'aa. Hatimaye angejua napata ngapi, na ndilo jambo nililokuwa nimemficha miaka yote.

Nilifikiria kwenda saiba za Mwingi, mbali na macho yake. Lakini nywila zangu zote anazo yeye, na barua ilitaka jibu wiki hiyo. Nikaingia saiba, nikaketi karibu naye, nikaanza kumtajia maneno kama mtu anayevuliwa nguo sokoni.

"Andika hivi. Floti ni mtaji wangu wa kazi. Sehemu ni noti kwenye droo, sehemu iko kwenye simu. Mteja akiweka elfu tano, droo inaongezeka elfu tano na simu inapungua elfu tano. Mwingine akitoa elfu tano, simu inapanda na droo inashuka. Kwenu mmeona elfu kumi. Kwangu hakuna kilichoongezeka, ni pesa ileile imetoka na kurudi."

"Sasa wewe unakula nini?" akauliza. Hilo halikuwa la barua.

"Andika. Ninachopata ni kamisheni peke yake. Kampuni ya simu hunilipa kwa kila muamala, na kodi hukatwa kabla sijaipokea. Hayo ndiyo mapato yangu, na ndiyo niliyoyatangaza. Nimeambatanisha taarifa za kamisheni za kila mwezi na vyeti vya kodi iliyokatwa."

Ikabidi nimpe hizo taarifa azipige skani. Akaweka ya kwanza, akaisoma. Akaweka ya pili polepole. Hakucheka, na ningependa acheke, tukosane tujue moja.

"Na kodi ya pango la kibanda?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Inatoka hapo hapo."

Akatuma jibu. Akakataa pesa ya taipu, nami nikaichukia ile huruma kuliko tangi lenyewe.

Siku kadhaa baadaye afisa alipiga simu, akauliza maswali mawili kuhusu zile taarifa, akasema ameelewa, wataangalia kamisheni tu. Nikamshukuru Mungu, nikafungua dirisha kama kawaida.

Jumapili kulikuwa na harambee ya mabati ya kanisa. Kwetu mchango husomwa kwa maikrofoni, jina na kiasi, na mtu anayeshika noti nyingi hutazamwa sana. Bahasha yangu ilikuwa nyembamba kuliko ya mwaka uliopita. Mzee wa kanisa akasoma jina langu, na kiasi alichotaja sikuwa nimekitoa. Kilikuwa zaidi ya mara tatu. Watu wakapiga makofi. Nikageuka. Wifi alikuwa akitazama mbele, anapiga makofi pamoja nao. Jina lake likasomwa baadaye, na kiasi kidogo, chini ya changu.

Siri yangu aliitunza, siwezi kumlaumu hapo. Hata leo hajamwambia kaka yangu.

Siku ya soko iliyofuata foleni ikafika mlangoni kwake, ndefu kuliko zote za mwaka. Wauza mbuzi walikuwa wanasukumana. Nikachungulia huku nikihesabu noti za mtu, namngoja anyooshe shingo. Alikuwa ameinama anatoa kopi ya kitambulisho cha mzee fulani, na hakuinua kichwa hata mara moja.