Kamba Mbele ya Paji la Uso

Siku zile nilikuwa na mdomo. Mteja akiniuliza kazi itachukua muda gani, najibu, "Dakika mbili tu, kaa hapo." Kibanda changu cha picha kilikuwa karibu na soko hapa Dodoma. Kompyuta sikuwa nayo, kila kitu nilikifanya kwenye simu yangu ndogo, kisha nachapa kwa printa.

Mzee mmoja alitoka kijiji cha Zuzu na picha ya marehemu mkewe, aliyopigwa kwenye harusi ya watu. Hakuwa na nyingine. Kamba ya turubai ilikuwa imekatiza mbele ya paji la uso, naye alitaka niitoe ili picha ikae ukutani.

"Hiyo ndogo, babu," nikamwambia.

Nikaipiga ile picha kwa simu, nikachagua brashi nene ya kufutia, nikaburuta kidole mara moja kutoka upande huu wa paji hadi ule. Kamba ikatoweka, ngozi ikabaki laini. Nikamgeuzia simu kwa maringo.

Akaisogeza karibu kabisa na macho. "Huyu si mke wangu."

Hasira zikanipanda, sisemi uongo. Nikamwona mzee msumbufu. Ndipo akagusa paji lake mwenyewe, penye kovu la duara, ile alama wazee wengi wa Kigogo waliyowekewa utotoni. Mkewe naye alikuwa nayo, nami nilikuwa nimeifuta pamoja na kamba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikabonyeza mshale wa kurudisha nyuma. Alama ikarudi, na kamba nayo ikarudi yote, maana nilifuta kwa mkupuo mmoja.

Safari hii nikaikuza picha kwa vidole viwili mpaka paji likajaa kioo, nikaipunguza brashi ikawa kama punje ya uwele. Nafuta kipande, nainua kidole nione kilichokuwa chini yake, ndipo naendelea. Programu hujaza pengo kwa kubahatisha kutoka kwenye ngozi ya jirani, haijui kovu la mtu. Pale kamba ilipogusana na duara, programu ikaumega ukingo wa kovu. Nikarudisha. Nikajaribu tena, ikaumega tena, nikarudisha. Ila sasa nilikuwa napoteza kipande kimoja tu, si kazi yote.

"Taratibu, mwanangu," mzee akasema. "Sina haraka naye."

Mara ya tano nikafuta kwa kutokea upande wa nje, nikakwepa ukingo kabisa. Duara likabaki zima. Furaha niliyoipata, hata sikumbuki kama nilipumua.

Nikaanza kuipunguza picha irudi ukubwa wake. Uso ulipoenea kioo chote, mzee akanishika mkono.

"Usimpeleke mbali. Nichapie hivi hivi."

"Babu, ikikuzwa hivi itatoka na ukungu."

"Kwa macho yangu haya, mwanangu, kila kitu kina ukungu. Lakini hapo ananitazama."