Shairi langu la Jumamosi litamtaja mtu bila kumtaja

Admin, jina langu lifiche, na la shule pia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, nasoma bweni hapa Muleba. Nyumbani ni Izigo. Msinicheke kwa makosa.

Klabu yetu ina igizo siku ya wazazi, Jumamosi hii. Katikati ya igizo wachezaji wanabadili nguo, na ili watu wasianze kupiga soga, mwalimu mlezi aliniambia niandike shairi la kujaza hapo, lihusu dawa za kulevya. Nikaandika haraka: vijana tuamkeni, dawa hizi ni adui. Siku ya kwanza ya mazoezi wenzangu walikuwa wanamalizia mstari kabla yangu, wakicheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu akakata kila neno linaloamrisha: acheni, kataeni, tuamkeni. Ubeti mzima ukabaki na neno "na" tu. Akaniambia, "Usimwambie mtu aache. Mwonyeshe ulichokiona, kisha nyamaza. Na usimfanye mtumiaji kuwa shetani, maana ukumbini yumo mmoja anayetumia, na ukimtisha atajificha zaidi." Vina na mizani vibaki, akasema, nane kwa nane, kwa sababu sikio likishashika mwendo halitoki.

Nilichokiona mimi ni kaka yangu. Ni dereva wa bodaboda Bukoba mjini, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipougua. Sasa akija Izigo haigusi sahani ya ndizi na maharage, usingizi hana, suruali anaifunga kwa kamba, na mtu akipita nje ya dirisha anauliza nani kamtuma. Nikaandika hayo yote. Nikafika mahali pa kahawa ya kutafuna, nikaandika hivi:

Kwa heshima alipewa, mikono yote miwili,
Punje chache za kahawa, akazila mbilimbili,
Kwetu mtu akigawa, kukataa si adili,
Leo anayo kahawa, mbona hampi wa pili?

Mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Mgeni akiingia hupewa kahawa ya kutafuna, na mkubwa akikunyooshea, unapokea. Mwenye kahawa mfukoni hatafuni peke yake. Kaka alikuwa na vifurushi vidogo vya kahawa ndani ya majani makavu ya mgomba, vimefungwa vizuri kama vile vya wageni, na hata mama hakumpa punje moja. Hilo ndilo lililonishtua. Sikujua zaidi ya hapo, nilikisia tu kwamba naye alipewa kama sote tunavyopewa.

Niliposoma mazoezini hakuna aliyecheka. Mstari wa mwisho wa shairi unasema, "Sahani yako tunayo, kaka njoo tule sote," na mwalimu aligeukia dirishani. Nikajiona mshairi. Kumbe nilikuwa nachokoza nyuki.

Jioni ile rafiki yangu wa bweni, nimwite Jovitha, alinivuta nyuma ya mabafu. Alikuwa amelia. Akafungua kiganja, na ndani mlikuwa na kifurushi kilekile, fundo lilelile. Alisema wanafunzi wanauziwa kwenye kituo cha bodaboda, wanaambiwa ni kahawa ya kukesha ukisoma, na wako wengi. Tangu aanze moyo unamwenda mbio hata akikaa, na akikosa kichwa kinampasuka. Akaniuliza, "Kwa hiyo na mimi nitakuwa kama kaka yako?"

Nilimshika mkono tukarudi bwenini. Kaka alipokuja kuniletea sabuni nilimsomea ubeti ule, nikitaka aniambie nimekosea. Alikaa chini kwenye nyasi. Akakiri kwamba kahawa ile inachanganywa na kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui, na kwamba anayeigawa ndiye anayemtuma kuisambaza kwa pikipiki. Ni baba yake wa ubatizo, mfanyabiashara wa Bakoba, kata ya hapo Bukoba mjini, mtu anayekaa benchi la mbele kanisani. Ndiye aliyempa punje za kwanza, kwa mikono miwili, sebuleni kwake. Nani angekataa?

"Ukisoma hicho," kaka aliniambia, "atajua ni mimi niliyesema. Mwenzangu aliyeongea alikutwa mtaroni." Aliondoka bila kuniaga. Simu yake haipatikani.

Jana mama alinipigia kwa furaha. Amemwalika yule baba wa ubatizo aje kunisikiliza Jumamosi, maana amekuwa kama mzazi kwetu. Watakaa pamoja mbele.

Nimefikiria kumwambia mwalimu. Naogopa, ni mgeni huku, atalipeleka kwa mkuu wa shule, na mkuu anakula meza moja na mtu huyo. Nimefikiria kuufuta ubeti. Nilijaribu, shairi likarudi kuwa lile la kuchekwa, kwa sababu hapa hakuna aliyewahi kupewa dawa. Wote wamepewa kahawa. Nikinyamaza, Jovitha na wenzake wataendelea kutafuna. Nikisoma, kaka yangu huenda asirudi nyumbani.

Leo asubuhi kuna mtu ameniachia kitu kwa mlinzi wa geti, akasema ni zawadi ya mshairi. Ni kifurushi cha majani ya mgomba, fundo lilelile. Mlinzi alinikabidhi kwa mikono miwili, na mimi, kwa mazoea, nikapokea na kushukuru.

Kiko chini ya mto wangu. Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mlio mbali na hofu hii, niambieni: nisimame nisome, au nikae?