Robo Sita za Likwata

Babu yangu Likwata hakuwahi kumiliki saa, na alichukia watu waliozivaa. Ukimwuliza sababu, alisema tu kwamba saa ina macho ya kuona upande mmoja. Bibi Yustina ndiye aliyenieleza mambo yaliyomfikisha hapo, na nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nayakasirikia kana kwamba nilikuwepo.

Ilikuwa miaka minne baada ya vita vya Maji Maji. Njaa ilikuwa imepita, ila kodi haikupita. Kila mwanamume mzima alidaiwa rupia tatu kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alipelekwa kufanya kazi ya barabara hadi jamaa zake wazilete. Baba yake Bibi, mzee Tomaso, hakuwa nazo. Alikuwa mchonga vinu na michi, mtu wa kifua kibovu, na mwaka ule hakuna aliyenunua kinu, maana mavuno yalikuwa haba, nani angetwanga nini? Akida, mkusanya kodi wa serikali ya Wajerumani, akamchukua kwenda kuvunja mawe njiani karibu na Kitomanga.

Likwata akahamia na mkewe kwenye kambi ya shamba la mkonge, mwendo wa nusu siku kusini ya hapo. Alipewa kipande, kadi ya visanduku thelathini. Kila siku ya kazi karani huweka alama kwenye kisanduku kimoja, na vyote vikijaa unalipwa rupia sita jioni ileile. Visipojaa hulipwi hata hela moja, na rupia moja ilikuwa hela mia. Kodi yake mwenyewe alishalipa, basi hizi zingekuwa rupia tatu za mzee, tatu za kuishi. Bibi, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza, alihesabu siku kwa vidole akaona baba yake atarudi kabla ya mwezi kuisha.

Likwata aliwekwa kwenye boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji ili mvuke uzungushe mashine ya kukamua mkonge. Sasa sikilizeni utaratibu wake, kwa kuwa ubaya wote uko humo. Kengele ya kazi ililia saa kumi na mbili asubuhi. Bwana Shamba, Mjerumani mmoja mrefu aliyejua Kiswahili vizuri kuliko alivyojua watu, alitaka kengele ikilia mashine nayo iwe inazunguka. Lakini boila baridi halitoi mvuke kwa kuombwa. Lataka saa moja na nusu. Kwa hiyo Likwata alifika saa kumi na nusu, akateka maji kisimani ndoo kwa ndoo, akabeba kuni, akafagia majivu ya jana, akawasha moto. Hayo yote hayakuwa kazi. Kazi ilianza kwenye kengele.

Kengele ikilia, watu themanini walisimama mstari mbele ya ofisi, na karani Tawakali akaita majina. Tawakali alikuwa kijana wa Kilwa Kivinje aliyesoma shule ya serikali, mwenye mwandiko mzuri na kanzu safi. Sheria ilikuwa moja: jina likiitwa usiitike, umekatwa robo ya siku. Umechelewa dakika mbili, robo. Umechelewa saa nzima, robo ileile. Na jioni je? Mkonge ukibaki, mlibaki mkaumaliza, na ule muda haukufika robo, basi ukahesabiwa si kitu. Mizani ya shamba lile ilikuwa na mkono mmoja tu, na mkono huo ulielekea ofisini.

Likwata hangeweza kuacha boila lenye moto likae peke yake. Lingepasuka. Alipaswa kungoja fundi Hatim aje kulipokea. Hatim alikuwa Mhindi wa Lindi, mtu mzima, mpole, anayelipwa kwa mwezi. Yeye hakuwa katika orodha ya kuitwa jina mstarini. Siku nyingi alifika mapema, Likwata akakimbilia mstarini akawahi. Lakini siku nyingine fundi alimalizia chai yake, au alitafuta miwani yake, akafika kengele imeshalia. Likwata alipofika mstarini anahema, jasho na masizi usoni, Tawakali alikuwa ameshapita jina lake.

"Nilikuwa kwenye boila, karani."

"Sikukuona hapa."

Mara sita ilitokea hivyo. Mtu aliyekuwa wa kwanza kufika shamba zima aliandikwa mchelewaji.

Jumanne moja jioni Likwata alipeleka kipande chake dirishani. Hakujua kusoma, ila alijua kuhesabu, na zilikuwa zimetimia siku thelathini. Tawakali akakigeuza mara mbili.

"Ishirini na nane na nusu," akasema. "Bado siku moja na nusu."

"Karani, mkwe wangu anatema damu kule barabarani. Nipe zangu niende."

"Si mimi. Ni robo zako. Sita. Sita ni siku moja na nusu, hata ukimwuliza mtoto."

Tawakali hakuwa mtu mbaya, Bibi husema, na mimi hubisha naye hapo. Alisema kweli, hesabu yake ilikuwa sawa. Ndiyo iliyoudhi.

Likwata alirudi kambini akamweleza mkewe. Bibi hakulia. Alimwuliza jambo moja tu: kesho, boila likiwashwa kengele ikishalia, itakuwaje? Kaka yake Likwata alinyongwa wakati wa vita, na mtu mweusi aliyesema hapana mbele ya Mzungu mwaka ule hakuitwa mvivu, aliitwa mwasi. Viboko ishirini na tano vilikuwa ndiyo rehema.

Jumatano asubuhi alikwenda kusimama mstarini. Kengele ikalia. Tawakali akaita, "Likwata." Akaitika. Karani akainua macho, akaangalia bomba la boila juu ya paa la makuti. Hapakuwa na moshi.

Watu wakaenda kwenye nafasi zao. Waliobeba mkonge wakautua mbele ya mashine iliyolala, wakakaa. Ndipo Likwata akaenda kisimani, taratibu, akateka ndoo ya kwanza. Wenzake walimwangalia kama anayechimba kaburi. Alipofika ndoo ya tano Bwana Shamba akatoka ofisini akiwa ameshika saa yake ya mfukoni. Nyuma yake askari mmoja na kiboko chake.

"Kwa nini mashine haizunguki?"

"Nachota maji, Bwana."

"Saa hizi?"

"Kazi inaanza kengele ikilia, Bwana. Nimeanza kengele ikilia."

Bwana Shamba akawa mwekundu. Akasema watu themanini wamekaa bure, akasema hiyo ni fitina, akasema atamfunga ampeleke bomani Lindi wamfundishe. Askari akamshika Likwata mkono. Tawakali akanong'ona, "Omba radhi, ndugu yangu. Unataka vita vingine?" Bibi alikuwa amesimama penye rundo la kuni, mikono tumboni, na anasema hajawahi kuogopa hivyo, hata vita vilipopita kijijini kwao.

Likwata hakuomba radhi. Alisema, "Bwana, kitabu cha karani kinasema mimi nimechelewa siku sita. Mwulize fundi siku hizo mashine ilianza saa ngapi. Kama nilichelewa, moto uliwashwa na nani?"

Hapo kila mtu akamgeukia Hatim. Fundi alikuwa na daftari lake, alimoandika kila siku saa ambayo mashine imeanza kuzunguka. Ilikuwa kazi yake kuliandika. Alilishika kifuani na hakulifungua. Alielewa haraka kuliko wote swali lile linakokwenda: kwamba siku hizo sita mashine ilikuwa na mvuke tayari, na aliyechelewa alikuwa mwingine.

"Fungua," Bwana akasema.

Hatim akafungua. Karani akamtajia tarehe za zile robo, naye akasoma ya kwanza: saa kumi na mbili na dakika nane. Ya pili: na dakika tano. Ya tatu: na dakika kumi. Akasoma zote sita, na hakuna iliyopita dakika kumi. Bwana Shamba hakuhitaji kuelezwa, alijua boila huchukua muda gani. Akauliza, "Na kwa nini huyu hakuwa mstarini?"

Likwata angeweza kusema. Alimtazama fundi akamwachia aseme mwenyewe, na nadhani hiyo ndiyo iliyomshinda Hatim.

"Alikuwa ananingoja mimi," Hatim akasema. "Mimi ndiye niliyechelewa, Bwana. Hakuruhusiwa kuacha moto."

Bwana Shamba akafunga saa yake. Hakumwambia Hatim kitu. Alimwamuru askari aachie mkono, kisha akatoa hukumu: robo sita zirudishwe, kipande kilipwe jioni, na kuanzia kesho jina la mtu wa boila lihesabiwe limeitika mradi bomba linaonekana linatoa moshi. Lakini moto uwashwe saa kumi na nusu kama zamani.

"Na hiyo saa na nusu, Bwana?" Likwata akauliza.

"Hiyo ni desturi ya kazi."

Mimi nimesoma, basi nimepiga hesabu. Siku yao ilikuwa saa kumi za kazi ukiondoa mapumziko. Saa moja na nusu mara thelathini ni saa arobaini na tano. Ni siku nne na nusu katika kila kipande, hela tisini alizomfanyia Bwana bure. Robo zilikuwa wizi wa mchana, watu waliuona. Huu wa alfajiri haukuonwa na mtu, na ulikuwa mkubwa mara tatu. Kwa vipande vinne tu angelipa kodi ya mzee na chenji akabaki nayo.

Jioni ile alilipwa. Alhamisi alfajiri akaondoka, rupia tatu zimefungwa kwenye pindo la shuka, akafika Kitomanga adhuhuri. Mzee Tomaso alikuwa amekaa kando ya barabara, mkono wa kulia umefungwa kitambaa chenye damu iliyokauka. Jiwe lilimwangukia. Vidole vitatu vilikuwa vimesagika, na mganga wa pale alishavikata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Lini hii?"

"Jana, alasiri."

Likwata akachuchumaa. Bila zile robo, Jumanne jioni angelipwa, Jumatano adhuhuri angekuwa pale. Hakuhitaji karani wa kumfanyia hesabu hiyo. Alilipa rupia tatu, akapewa karatasi, akamshika mzee mkono uliobaki wakaanza safari. Njiani mzee alimsimulia mambo ya kuchekesha ya wale askari, akamwambia asihuzunike, wengine wamezikwa kule.

Kisha akamwuliza, bila lawama, kama mtu anayetaka tu kujua, kwamba naye alihesabu siku thelathini akamtazamia jana, ni nini kilimchelewesha.