Kadi za Hatua ya Nne

Kadi tulizikata kutoka kwa maboksi ya unga. Rafiki yangu alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hivyo yeye aliandika dalili za hatari, mimi nikaandika cha kufanya. Dalili kwa kadi moja, kitendo kwa kadi nyingine. Anatoa dalili anaisoma, mimi natafuta kitendo chake kati ya zile zimetandazwa kitandani, naipiga juu ya godoro kama mtu anacheza karata.

"Mapigo ya mtoto yameshuka chini ya mia."

Paa! "Mama alale kwa ubavu wa kushoto, zima dripu ya kuongeza uchungu, ita daktari!"

"Usinipigie kelele, mimi si daktari."

Tulikuwa tunasomea uuguzi na ukunga, tunakaa chumba kimoja cha kukodi mtaa wa Huruma, Eldoret. Mimi darasani sikuwa nashika kitu. Mwalimu akiongea haraka nakasirika, nikikasirika sisikii tena. Kila kitu nilijifunza mwenyewe juu ya hicho kitanda. Hatua ya kwanza ya kuzaa, mpaka njia ifunguke sentimita kumi. Ya pili, mpaka mtoto atoke. Ya tatu, kondo la nyuma litoke. Ya nne ni yale masaa mawili ya kumwangalia mama baada ya kuzaa, na hiyo tulikuwa tunairuka. Ilikuwa na kadi chache na hatukuona kama kuna kitu kinaweza kutokea hapo.

Siku matokeo ya kura yalitangazwa tulikuwa tumetandaza kadi. Tulisikia mayowe, halafu moshi. Simu yake ikalia, akasikiliza, akaikata. Alisimama, akavaa viatu, akatoka mbio kwenda dukani kwa mamake. Dalili zilikuwa mkononi mwake, akaenda nazo. Mimi nilibaki na vitendo kitandani. Duka lilichomwa hiyo jioni, kama maduka mengine ya kabila lao. Yeye na mamake walilala kituo cha polisi, halafu wakapelekwa kambi ya wakimbizi. Wakimbizi! Hapa hapa Eldoret, mahali alizaliwa!

Mimi nilienda mtaa wa Pioneer kwa mjomba. Kule nilikuwa nasoma vitendo pekee, nafikiria dalili kwa kichwa. Binamu yangu alikuwa anaingia na kutoka akinuka matairi yaliyochomwa, kwa sababu yeye na vijana wenzake ndio walikuwa wamefunga barabara. Huyo binamu ndiye alinilipia shule ya upili akiuza mitumba. Mtu akimsema vibaya tulikuwa tunapigana. Nataka mjue hiyo kwanza.

Mchana mmoja simu yangu ililia. Ni rafiki yangu, kutoka kambini.

"Kuna mama amezaa hapa kwa hema," alisema. "Mtoto analia vizuri. Kondo limetoka lote, nimeliangalia. Lakini damu haikatiki, na kichwa yangu imefutika yote. Niko na kadi ya damu hapa mkononi. Nisomee yako."

Niliimwaga bahasha ya kadi sakafuni. "Ita msaada kwanza!"

"Nimetuma mtu kwa hema ya matibabu. Iko mwisho kabisa wa uwanja wa kambi."

"Sugua mji wa mimba. Mkono juu ya tumbo, sugua mpaka uwe mgumu. Mtoto awekwe kwa titi anyonye. Sindano ya kukaza mji, kama iko."

"Hakuna sindano. Nasugua." Nilisikia anahema. "Umekuwa mgumu. La, umelegea tena. Na uko juu sana, umepita kitovu, umeenda upande wa kulia..."

Simu ikakatika. Kredo yake ya kupiga simu ilikuwa imeisha, na yangu ilikuwa imeisha siku nyingi. Siku hizo kredo ilikuwa ngumu kupata kuliko sukari.

Niliangalia kadi zangu pale chini. Mji umelegea, umepanda, umeenda kando. Nini kinausukuma? Nikaona ile kadi safi kabisa, ile hatukuwa tunaigusa: *Mwambie akojoe. Akishindwa, weka mpira wa mkojo.* Kibofu kikijaa kinausukuma mji juu na kando, unashindwa kujikaza, na damu inaendelea. Hatua ya nne!

Binamu alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Leta simu."

"Ya nini?"

"Kuna mama anatokwa na damu."

"Wa kwetu ama wa kwao?"

Wueh. Nilimwangalia nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Sijauliza! Leta simu kabla sijakupasua!"

Niliitoa mwenyewe kwa mfuko wa shati lake. Hakunizuia, alisema tu, "Wewe mwendawazimu." Nikampigia rafiki yangu. Ikalia mpaka ikaisha. Nikapiga tena, akaikata. Nikapiga tena, akaikata! Damu inatoka na yeye anakata simu! Nilidhani anaogopa namba ngeni, maana siku hizo watu walikuwa wanapigiwa simu za vitisho. Basi nikaandika ujumbe ambao ni mimi tu ningeuandika:

HATUA YA NNE. AMEKOJOA LINI?

Nikapiga tena. Akashika, akanong'ona, "Ni wewe?"

"Ni mimi! Amekojoa lini?"

Nilisikia anauliza, na sauti ya mama ikijibu polepole.

"Tangu jana usiku hajakojoa. Wanawake wanaogopa kwenda kwa vile vyoo."

"Tafuta beseni. Shikeni leso mumzunguke, akojoe hapo hapo. Wewe usiache kusugua."

Tukangoja. Halafu akasema kwa sauti ingine, "Hii namba ni ya nani?"

"Kwa nini?"

"Hii ndiyo ilinipigia siku ile tukiwa na kadi. Mtu alisema mimi na mama tukipatikana dukani jioni atatuchoma nalo."

Nilimwangalia binamu yangu. Kamba ya kiatu ilikuwa bado mkononi. Alikuwa anasikia, simu ilikuwa inaongea kwa nguvu. Namba ya rafiki yangu aliipata wapi? Kwa simu yangu, zile wikendi nilikuwa naenda kwa mjomba, nikiwa nimelala ama nikioga. Nilikaa chini juu ya kadi.

"Ni ya binamu yangu," nikasema.

Akasema, "Soma. Endelea kusoma."

Nikasoma. Mdomo ulikuwa unasoma, mimi mwenyewe sikuwa hapo. Angalia mji. Angalia pedi. Shika mapigo ya mama.

"Amekojoa, mkojo mwingi sana," alisema. "Mji umerudi katikati. Umekaza. Damu inapungua." Akaanza kulia, halafu nikasikia watu wa matibabu wanaingia na sindano na dripu, na simu ikakatika.

"Amepona?" binamu akauliza.

Nilimrushia simu. Ilimpiga kifuani. Nilikusanya kadi nikarudi Huruma peke yangu, na yule binamu mpaka leo tukikutana namwita ndugu na mkono wangu unakuwa baridi.

Chuo kilifunguliwa baada ya miezi kadhaa. Rafiki yangu alirudi siku chache kabla ya mtihani, amekonda, dalili zake ziko kwa mfuko wa plastiki. Kwa chumba chetu alikataa kuingia. Tulikaa kwa ngazi za darasa nikatandaza vitendo kwa simiti.

"Bado anatumia ile namba?" aliuliza.

"Bado."

Alichanganya kadi zake muda mrefu. Nilidhani atasimama aende.

"Haya," akasema. "Tuanze na ya nne. Mji umelegea, umeenda kulia."

Niliweka kadi chini polepole, bila kuipiga.