Mablanketi Yasiyorudi

Barua kutoka makao makuu ya kampuni, Mombasa, ilifika siku ya Ijumaa. Mjomba wangu aliisoma amesimama mlangoni mwa stoo, akanipa, akenda zake msikitini. Ilisema mkaguzi atakuja wiki ya pili yake kukagua stoo ya hospitali, na ikataja anavyotaka kuvikuta tayari: daftari la mali, hati za kupokelea, hati za kutolea, na orodha ya vitu vya wodini. Huyu hakuwa mtu wa polisi wala wa serikali. Ni kampuni yenyewe inajikagua, kama mtu anavyojipekua mifuko kabla hajatoka nyumbani.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya shamba la mkonge upande wa Msambweni. Ilitibu wafanyakazi wa shamba na watu wa vijiji vya jirani. Mjomba alikuwa karani mkuu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, na ndiye aliyeniombea kazi nilipotoka shule ya sekondari. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye majaribio. Mwisho wa majaribio ulikuwa mwezi huohuo wa ukaguzi. Nikifaa, naandikwa. Nisipofaa, narudi Mkongani kulima muhogo na cheti changu cha shule.

Nilianza kazi jioni ileile. Nilikusanya hati zote kutoka kwenye makasha na mafaili, nikazipanga kwa tarehe, kisha nikazilinganisha na daftari mstari kwa mstari. Nilikuwa na haraka, lakini si haraka ya kuruka. Nilitaka kumaliza ili nijue. Hati kadhaa za dawa zilikosekana. Nikazipata wodini, dresa, yule mfunga vidonda wetu, alikuwa amezitia ndani ya kopo la pamba. Sabuni ilipungua kidogo, na sababu yake ilikuwa panya, tena ushahidi wake uko wazi. Kisha nikahesabu mablanketi, na hapo nikakaa kitako juu ya gunia.

Daftari lilisema tuna mablanketi mengi. Rafu ilisema hatuna.

Nilijua yamekwenda wapi. Kila mtu pale alijua. Mtu akifa wodini, jamaa zake huja kumchukua, na maiti hatoki hospitali wazi kama mzigo wa kuni. Anafunikwa blanketi la kitanda chake. Akiwa Mwislamu, akishafika nyumbani huoshwa na kutiwa sanda, na blanketi huchukuliwa na waosha maiti, kwani ndiyo ada yao. Akiwa mtu wa bara, huzikwa nalo. Kwa vyovyote halirudi, na hakuna mtu mwenye haya zake atakayekwenda matangani, watu wamekaa mkekani, aseme nimekuja kuchukua blanketi la kampuni. Siku yangu ya kwanza kazini mjomba aliniambia, "La maiti usilidai wala usiliandike. Liwache liende naye."

Nami nikaliwacha.

Mjomba alipoona nimekaa juu ya gunia alicheka.

"Umefiwa?"

"Mablanketi, mjomba. Hayatimii."

"Andika yamechakaa."

"Yaliyochakaa lazima yaonyeshwe. Mkaguzi atataka matambara."

"Basi kaazime kwa jirani. Shamba la pili wana mengi. Yahesabiwe, halafu uyarudishe."

"Yana muhuri wao."

Alinitazama kama anayetafuta mahali shule iliponiharibu. "Haya, mwanachuoni. Wewe wasemaje?"

Nikamwambia. Tuyaandike vile yalivyotoka. Dresa ana kitabu cha vifo vya wodini. Tutoe orodha ya waliokufa, tarehe, kitanda, na kijiji walikopelekwa. Dresa atie sahihi kuwa kila mmoja alitoka na blanketi. Karatasi yenyewe iwe na tarehe ya leo, tusijifanye tuliiandika zamani. Halafu daktari aombe makao makuu yafute mablanketi hayo kwenye daftari. Kitu kimoja tu kitabaki, nikasema, nacho ni nani aliyeruhusu yatoke bila hati.

"Mimi niliruhusu," alisema mjomba. "Nitamwambia mwenyewe."

"Basi niandikie mstari mmoja tu, mjomba. Nitaupachika juu ya orodha."

Uso wake ulibadilika. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Mpwangu. Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipoingia kumbini kutahiriwa. Mimi ndiye nitakayekuoza mke. Leo wataka nikuandikie karatasi? Neno la mjomba halitoshi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Kwetu, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Kumtaka mjomba karatasi ni kama kumtaka mama risiti ya maziwa. Nikamwomba radhi. Nikasema linatosha.

Siku zilizobaki nilizitumia na dresa. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuna maiti aliyemsahau. Mimi nasoma kitabu, yeye ananieleza. "Huyo wa Tiwi, walikuja ndugu zake na machela ya makuti. Blanketi jekundu, alienda nalo. Huyo mwengine mwanawe alitaka kulirudisha, nikamwambia funika mzee wako, wewe, utatuletea mikosi." Alitia sahihi kila mstari. Mwisho akaniambia, "Sikiza. Wewe una maneno mengi. Mkaguzi akikuuliza saa, mpe saa, usimpe na hadithi ya aliyeitengeneza. Hujui, sema sijui. Na usicheke ukiogopa. Nimekuona, ukiogopa unacheka."

Mkaguzi alikuja na gari la kampuni. Alikuwa Mgoa mwembamba, Kiswahili chake kizuri, mpole kuliko nilivyotaraji. Nilikuwa nimejitayarishia mtu mkali, upole wake ukanitoa jasho. Kwanza aliomba funguo zote. Kisha akahesabu mwenyewe, mimi nikimshushia vitu, bila kutazama daftari. Alipomaliza ndipo alipolifungua. Dawa zilitimia. Ya sabuni nilimweleza, nikamwonyesha vipande vilivyotafunwa, akavitazama kwa heshima. Tulifika kwenye mablanketi.

"Hapa pana pengo," alisema.

"Ndiyo, bwana. Maelezo yake ni haya."

Alisoma orodha taratibu. Akataka kitabu cha wodi, akachagua majina hapa na pale, akayatafuta. Akamwita dresa, akamwuliza juu ya mmoja aliyemchagua mwenyewe, na dresa akamjibu kama aliyemzika. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa.

"Nimeridhika yalikwenda yalikokwenda. Tena mmefanya vizuri kuandika tarehe ya kweli. Wengi huniletea wino mbichi wa mwaka jana." Kisha akaniuliza, "Nani aliruhusu yatolewe bila hati?"

Nilimgeukia mjomba. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kofia ya viua juu ya goti. Nilimgeukia kwa furaha kabisa, kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni.

Mjomba alisema, "Hilo, bwana, mimi pia nalisikia leo."

Nikadhani hakuelewa swali.

"Kijana huyu mimi nilimkanya," akaendelea. "Ana haraka. Hawa waliosoma wanajifanyia vyao. Nilimwambia kila kitu kwa hati. Sasa sijui aliwapa kwa huruma, au vipi. Siwezi kumsemea."

Au vipi. Maneno mawili tu. Lakini kila aliyekuwamo chumbani alisikia kilichomo ndani yake: huenda niliyauza.

Mkaguzi alinitazama. "Wewe wasemaje?"

Nilihisi kicheko kinapanda, nikakimeza. "Niliambiwa na karani mkuu, bwana. Kwa mdomo. Sina karatasi."

Akayaandika yote mawili, langu na lake, bila kuinua uso. Kisha akarudi kwenye orodha, kidole chake kikapanda mpaka juu.

"Wewe uliajiriwa lini?"

"Mwaka jana, bwana, baada ya Idi Kubwa."

"Hawa wa ukurasa wa kwanza walikufa kabla ya hapo. Mablanketi yao nani alitoa?"

Wallahi, sikuwa nimeliwaza hilo. Nilipanga majina kwa tarehe kwa sababu ndivyo majina yanavyopangwa. Jibu nililikisia, alilijua dresa, alilikisia na mkaguzi. Mjomba alikuwa anaitazama kofia yake.

"Sijui, bwana," nilisema. "Sikuwapo."

Ulikuwa ukweli mtupu, tena nilimpa saa bila hadithi. Mkaguzi aligeuza kiti chake kikaelekea kwa mjomba, akatuambia mimi na dresa tupumzike nje. Hatukusikia waliyosema. Dresa aliwasha sigara yake, akasema, "Alikuwa akubali tu. Angepewa onyo, akaendelea na kazi."

Ripoti ilikuja baada ya wiki chache. Mablanketi yalifutwa. Kuanzia hapo kila maiti atoke na hati, sahihi ya dresa na ya stoo, na blanketi lisidaiwe. Mimi nikaandikwa kazi. Mjomba akaondolewa hospitali, akapelekwa kwenye mizani ya mkonge, cheo chini. Si kwa mablanketi, ripoti ilisema, bali kwa kumpa mkaguzi maelezo yasiyo kweli.

Nilikwenda Mkongani kumpa mama habari ya kazi. Alikuwa anazo tayari. Aliendelea kupepeta mchele.

"Umemuuza ndugu yangu kwa Mgoa."

"Yeye ndiye aliyeniuza, mama. Alinitia wizi mbele ya watu."

"Ungeitikia. Wewe kijana, ungepata kazi nyengine. Yeye ana watoto."

"Niitikie nimeiba?"

"Mjomba ni mjomba," alisema, na ungo ukaendelea.

Nilirudi kazini bila kula. Nilikuwa nimengoja huyu mmoja tu aniambie pole, na yeye ndiye aliyesema hivyo.

Kabla mjomba hajaondoka tulilazimika kukabidhiana stoo, kwani dhamana na funguo zake zilikuwa kwake. Ndiyo sheria. Anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja, kitu kwa kitu, kila mmoja atie sahihi yake. Tulihesabu tangu asubuhi. Yeye anataja, mimi naandika. Chupa, bandeji, sabuni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulipofika kwenye mablanketi aliyakunjua moja moja, akayapiga vumbi, akayakunja tena vizuri kuliko nilivyowahi kuyakunja mimi.

"Yametimia," alisema.

"Yametimia."

Akatia sahihi. Akavua funguo kwenye mkanda, akazishika kidogo mkononi. Nilidhani atasema kitu. Nilijiweka tayari kumsamehe, hata maneno niliyachagua.

"Mlango huu ukifunga, uinue kidogo," alisema. "Bawaba imelegea."

Akanipa funguo, akavaa kofia yake, akatoka. Nilimwambia, "Subiri, mjomba," akasimama. Nikamsogezea karatasi.

"Umesahau tarehe."

Akarudi, akaiandika.